Majivu Kwenye Kunde: Kundi Linganishi Linalosahauliwa

Leo nazungumza hasa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaopanga jaribio lao la baiolojia, pamoja na walimu wanaowasimamia. Kama una kalamu na karatasi karibu, zichukue, maana mbele kidogo nitakuomba uchore jedwali dogo.

Swali letu la leo linatoka ghalani. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, kunde na maharage ya mbegu huhifadhiwa kwa kuchanganywa na majivu ya jikoni. Ukimuuliza mama mwenye ghala kwa nini anafanya hivyo, atakwambia majivu yanazuia fukusi. Jibu hilo limetokana na uzoefu wa miaka mingi na lina uzito wake. Ila mwanabaiolojia bado ana la kuuliza: yanazuia kwa njia gani? Je, majivu yana kitu ndani yake kinachomdhuru fukusi? Au yanajaza tu nafasi zilizo kati ya punje, fukusi akakosa pa kupita na pa kutagia? Huko ghalani njia zote mbili zinaleta kitu kilekile, kunde zisizotobolewa. Ukitaka kuzitenganisha ni lazima upange jaribio, na mpango huo unasimama au unaanguka kwa kundi linganishi.

Nimeona mipango mingi ya namna hii, na karibu yote inafanana. Mwanafunzi anachukua chupa mbili. Moja anatia kunde na majivu, nyingine kunde tupu, kila moja anaingiza fukusi, kisha anasubiri mwezi. Kunde tupu zikitobolewa na zile za majivu zikasalimika, anaandika: majivu yana kemikali inayoua fukusi. Hapo ameandika jambo ambalo chupa zake hazikumwambia. Chupa hizo mbili zimetofautiana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: moja ina majivu, na hiyohiyo imejazwa ungaunga kati ya punje. Ipi kati ya tofauti hizo imefanya kazi? Kwa mpango huo haiwezekani kujua, hata akirudia mara mia.

Kabla ya kuurekebisha mpango, tumfahamu mdudu mwenyewe, kwa sababu maisha yake ndiyo yatakayotuambia tupime nini na lini. Fukusi wa kunde, ambaye jina lake la kisayansi ni Callosobruchus maculatus, ni mdudu mdogo wa kahawia mwenye urefu wa milimita tatu hivi. Jike hutaga mayai yake juu ya ganda la punje, akiyabandika kwa gundi. Yai likishaanguliwa, kiluwiluwi hatoki nje kutembea. Anatoboa ganda la kunde moja kwa moja kutoka ndani ya yai na kuingia kwenye punje. Humo anakula, anakua, anageuka buu, na mwisho anatoka akiwa mdudu kamili kupitia tundu la mviringo. Katika joto la nyuzi 30 hivi, safari yote hiyo huchukua wiki tatu hadi nne. Mdudu kamili huishi wiki moja au mbili tu, na hahitaji chakula wala maji. Kwa mwanafunzi hili la mwisho ni neema, kwani huhitaji kumlisha. Kazi yake ndani ya chupa ni kupandana na kutaga.

Chukua punje moja yenye mayai uitazame kwa lenzi ya mkono. Yai lililotagwa karibuni linang'aa na kupitisha mwanga, mithili ya tone dogo la gundi lililokauka. Likishaanguliwa hugeuka jeupe kama maziwa, kwa sababu kiluwiluwi anapochimba kuingia kwenye punje anarudisha vumbi na kinyesi nyuma yake na kulijaza ganda la yai. Kwa hiyo unaweza kuhesabu mayai yote, halafu ukahesabu yaliyoanguliwa peke yake, bila kupasua hata punje moja. Siku chache kabla ya mdudu kutoka utaona pia duara lililofifia kwenye ganda la punje. Hapo ndipo atakapofungua mlango wake.

Sasa tuandike nadharia tete. Usiandike "majivu ni mazuri kwa kunde", kwa sababu sentensi hiyo haipimiki. Andika hivi: majivu ya kuni yakichanganywa na kunde hupunguza idadi ya mayai yanayotagwa na fukusi, kwa sababu majivu hujaza nafasi kati ya punje na kumzuia jike kuzifikia. Angalia kwamba sentensi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inataja kitakachotokea, ya pili inataja sababu. Wanafunzi wengi huandika ya kwanza wakaishia hapo, nao ndio wanaojikuta mwishoni wamejitungia sababu ambayo hawakuipima. Kando yake weka nadharia tete ya kutokuwepo tofauti: kwamba idadi ya mayai kwenye kunde zenye majivu itakuwa sawa na ile ya kunde tupu.

Na hapa ndipo jedwali linapohitajika. Chora safu tatu. Ya kwanza iandike "kunde tupu", ya pili "kunde na majivu", na ya tatu "kunde na mchanga". Mchanga ndilo kundi linganishi linalosahauliwa. Ni mchanga mkavu, mlaini, uliochekechwa kwa chekecheke lilelile lililochekecha majivu, na umewekwa kwa ujazo uleule. Unajaza nafasi kati ya punje kama majivu, lakini hauna ukali wa majivu. Kwa kundi hili tunazitenganisha zile tofauti mbili zilizokuwa zimeshikamana.

Chini ya safu hizo, andika matokeo unayotarajia, na uyaandike kabla ya kufungua chupa hata moja. Mstari wa kwanza: ikiwa majivu hayana athari yoyote, makundi yote matatu yatakuwa na mayai yanayokaribiana kwa idadi. Mstari wa pili: ikiwa kazi ya majivu ni kujaza nafasi tu, mchanga na majivu vitakuwa na mayai machache kwa kiasi kinachokaribiana, na kunde tupu zitakuwa na mengi. Mstari wa tatu: ikiwa ni kitu kilicho ndani ya majivu peke yake, mchanga utafanana na kunde tupu, na majivu yatabaki peke yake na mayai machache. Mstari wa nne: ikiwa sababu zote mbili zinafanya kazi, mchanga utakaa katikati.

Itazame tena karatasi yako, msikilizaji, kisha ifunike safu ya mchanga kwa kidole. Mstari wa pili, wa tatu na wa nne inageuka kuwa kitu kimoja: kunde tupu mayai mengi, majivu mayai machache. Hii ndiyo sababu nawasihi walimu wadai matokeo tarajiwa kwa kila jibu linalowezekana, wasiridhike na lile moja ambalo mwanafunzi analitamani. Mistari miwili ya jedwali ikifanana, mwanafunzi anajua papo hapo, kabla ya kupoteza mwezi mzima, kwamba kuna kundi linganishi analolikosa.

Tatizo hili lina historia ndefu. Mwaka 1668 daktari wa Kiitalia, Francesco Redi, alichapisha majaribio yake kuhusu funza na nyama iliyooza. Watu wengi wakati huo waliamini nyama hujizalia funza yenyewe. Redi aliweka nyama kwenye chupa, nyingine akaziacha wazi na nyingine akazifunga kabisa. Funza walionekana kwenye zilizo wazi. Lakini chupa iliyofungwa kabisa haikuwazuia nzi tu, ilizuia hewa pia, na mtu angeweza kudai kwamba nyama imeshindwa kuzaa funza kwa kukosa hewa. Redi akaongeza kundi lingine: chupa zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi, hewa ipite na nzi wasipite. Nyama hiyo nayo haikuota funza. Kitambaa chake kilifanya kazi ileile inayofanywa na mchanga wetu.

Na kitambaa hicho tutakihitaji hata sisi. Ukifunga chupa zako kwa vifuniko vinavyokaza, umeleta sababu nyingine ndani ya jaribio bila kukusudia. Fukusi na viluwiluwi vyao wanapumua, na kwenye chombo kilichozibwa oksijeni hupungua mpaka wanaacha kula na kuzaliana. Ndivyo inavyofanya kazi mifuko ya tabaka tatu iitwayo PICS, ambayo chimbuko lake ni utafiti wa Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue juu ya kuhifadhi kunde nchini Kameruni, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa mkulima ni msaada mkubwa. Kwa jaribio letu, kifuniko kinachokaza kingeweza kufanya makundi yote yapate mayai machache, na mwanafunzi angehitimisha kwamba majivu hayana kazi. Kwa hiyo kila chupa ifunikwe kwa kitambaa chepesi na kufungwa kwa mpira.

Tukishafika hapo, vigeu vyetu vinajitaja vyenyewe. Kigeu huru, kile tunachokibadilisha sisi, ni aina ya kitu kilichochanganywa na kunde: hakuna kitu, majivu, au mchanga. Kigeu tegemezi, kile tunachokipima, ni idadi ya mayai kwenye punje 100, na baadaye idadi ya fukusi wapya wanaotoka. Vilivyobaki vyote vinadhibitiwa, yaani vinafanywa kuwa sawa kwenye kila chupa. Sitavitaja vyote, ila viwili vinastahili kuelezwa kwa sababu ndivyo vinavyoharibu majaribio mengi.

Cha kwanza ni kunde zenyewe. Kunde za sokoni mara nyingi tayari zina fukusi ndani ambao huwaoni kwa macho. Usipozitibu kwanza, utahesabu wadudu walioingia kabla ya jaribio kuanza. Chagua kunde za aina moja, punje nzima zisizo na matundu wala mayai, kisha zigandishe kwenye friza kwa wiki moja. Zitoe, ziache zifikie joto la chumba zikiwa bado ndani ya mfuko wake, ili unyevu usizishike. Hata baada ya hapo weka kundi la nne: kunde zilezile zilizogandishwa, tupu, bila fukusi hata mmoja. Matarajio hapa ni sifuri. Ikiwa mdudu atatoka kwenye chupa hizo, basi kunde zako hazikuwa safi, na hesabu za chupa nyingine zote zina mashaka. Kundi hili halijibu swali la majivu. Kazi yake ni kukuonyesha kama jaribio lako linaaminika.

Cha pili ni fukusi tunaowaingiza. Kila chupa ipate majike wawili na madume wawili waliotoka kwenye punje ndani ya siku moja iliyopita. Ili kuwapata, weka kunde zilizoshambuliwa kwenye chupa ya pembeni, ondoa wadudu wote jioni, na asubuhi kusanya waliotoka usiku. Jike utamtambua kwa bamba lililo mwishoni mwa tumbo lake, ambalo lina mistari miwili myeusi kandokando. Dume hana mistari hiyo. Ukitia wanne bila kuwatazama, chupa moja inaweza kupata majike wanne na nyingine isipate hata mmoja, na tofauti hiyo itafunika athari yoyote ya majivu. Na kwa nini wawili tu, kwa nini si kumi? Kwa sababu majike kumi kwenye punje 100 watazijaza punje zote mayai, viluwiluwi watagombania chakula ndani ya punje moja, na fukusi wapya watapungua kwa sababu isiyohusiana na swali letu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Hesabu punje 100 kwa kila chupa. Pima ujazo wake kwa silinda ya kupimia, kisha ongeza majivu au mchanga wa ujazo huohuo. Wengine hupenda kupima kwa mizani, lakini hapa mizani ingetupotosha: mchanga ni mzito kuliko majivu, kwa hiyo gramu sawa zingeacha nafasi nyingi wazi kwenye chupa ya mchanga, na swali letu ni la nafasi. Majivu yawe yamepoa kabisa, yamekauka na kuchekechwa. Tikisa kila chupa mara idadi ileile, pamoja na zile za kunde tupu, kwa sababu kutikisa nako ni tendo linalopaswa kuwa sawa kwa wote. Kisha ingiza fukusi.

Kila kundi liwe na chupa nne. Chupa moja haitoshi, kwa sababu majike hawatagi idadi sawa. Mmoja anaweza kutaga mara mbili ya mwenzake hata kwenye kunde zilezile. Ukiwa na chupa nne unaona tofauti za kawaida ndani ya kundi, na hizo ndizo unazozipimia tofauti kati ya makundi. Zipe chupa zote namba, kisha upange mahali pa kila moja kwenye rafu kwa kura. Chupa za majivu zikikaa zote dirishani na nyingine zote kivulini, joto litaingilia matokeo yako.

Siku ya kumi, mwaga kila chupa kwenye chekecheke taratibu, ondoa wazazi, na uhesabu mayai kwenye punje zote. Mayai yamebandikwa kwa nguvu na hayadondoki kwa kuchekecha kwa upole. Punje za chupa tupu nazo zipitishe kwenye chekecheke. Anayechekecha awe mmoja na anayehesabu awe mwingine, apewe punje kwenye sahani yenye namba tu. Anayehesabu akijua hizi ni za majivu, jicho lake litaruka mayai bila yeye kutaka. Baada ya kuhesabu, rudisha kunde na ungaunga wake kwenye chupa yake. Kuanzia siku ya ishirini, ondoa na uhesabu fukusi wapya kila siku. Usipowaondoa watapandana na kutaga, na hutajua tena yupi ni mtoto na yupi ni mjukuu. Mkiwa Dar es Salaam au Mombasa, wengi watakuwa wametoka baada ya mwezi mmoja hivi. Shule za nyanda za juu zenye baridi zisubiri zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Hizi ni namba nilizozitunga kwa ajili ya kufundishia. Tuseme kunde tupu zimetoa mayai 118, 131, 104 na 125; wastani ni 119.5. Mchanga umetoa 61, 48, 70 na 55, wastani 58.5. Majivu yametoa 12, 20, 9 na 15, wastani 14. Kundi lisilo na fukusi limetoa sifuri kote. Kabla ya kushika wastani, tazama namba zenyewe. Chupa ya mchanga yenye mayai mengi kuliko wenzake ina 70, na chupa tupu yenye machache kuliko wenzake ina 104. Hazigusani. Vilevile 20 ya majivu haifiki 48 ya mchanga. Namba za makundi zingeingiliana, tungekuwa waangalifu zaidi kusema kuna tofauti.

Rudi sasa kwenye jedwali lako. Matokeo haya ni ya mstari wa nne, kwani mchanga umekaa katikati. Nadharia tete yetu ilisema majivu hufanya kazi kwa kujaza nafasi. Sehemu hiyo imeungwa mkono, maana mchanga peke yake umepunguza mayai karibu nusu. Lakini haitoshi kueleza tofauti iliyopo kati ya mchanga na majivu. Mwanafunzi asiandike kwamba amethibitisha. Aandike kwamba kujaza nafasi kunaeleza sehemu ya athari, na kwamba kuna jambo la ziada kwenye majivu.

Je, jambo hilo ni kemikali? Bado hatujui, na hapa wengi hukimbilia kusema ndiyo. Hata yakipita kwenye chekecheke moja, majivu yana chembe laini kuliko mchanga, kwa hiyo huenda yanajaza vizuri zaidi. Chembe hizo pia zinaweza kukwangua nta iliyo juu ya mwili wa mdudu, akapoteza maji na kukauka. Na majivu yana magadi ndani yake, yale yanayofanya maji ya majivu yateleze mkononi. Ukitaka kulipima hilo la magadi, hatua inayofuata ni kundi jingine tena: majivu yaleyale yaliyooshwa kwa maji mara kadhaa mpaka maji yake yasibadilishe rangi ya karatasi ya litmasi, kisha yakakaushwa kabisa na kuchekechwa upya. Majivu yaliyooshwa yakipunguza mayai sawasawa na yasiyooshwa, magadi hayahusiki. Yakifanana na mchanga, tumepata dalili nzito kwamba yanahusika.

Katika ripoti utaje pia majivu yametoka kwenye mti gani, kwa sababu majivu ya mti mmoja si lazima yawe sawa na ya mwingine, na jaribio lako limepima ya aina moja tu. Limepima pia siku kumi za kutaga ndani ya chupa ndogo, halikupima miezi sita ndani ya gunia.

Kwa walimu nina ombi moja. Mnapotoa alama, kusanyeni jedwali la matokeo tarajiwa siku chupa zinapofungwa, mtie sahihi na tarehe, na mlirudishe siku ya kuandika ripoti. Mwanafunzi ambaye matarajio yake hayakutimia, lakini chupa zake zilipangwa vizuri na hitimisho lake linafuata hesabu zake, apate alama zote.

Na jaribio likiisha, kunde zote, pamoja na zile za akiba ya fukusi, zichemshwe au zigandishwe wiki moja kabla ya kutupwa. Fukusi mmoja jike aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha kizazi kipya kwenye stoo ya jiko la shule.